Namna ya Kumwambia Mteja kwamba Makochi Hayakuuzika

Anayetaka kumficha mteja matokeo mabaya hahitaji mwongozo wowote. Ufundi huo umekomaa zamani, na barua zake tunazijua kwa harufu. Huanza kwa furaha, hupita katikati ya takwimu zinazopanda, hugusa uchumi kwa huzuni kidogo, kisha huomba pesa zaidi. Hii hapa mojawapo, niliyoitunga kwa kufuata kanuni zote za ufundi huo:

“Habari za asubuhi. Tunayo furaha kukuletea ripoti ya Septemba. Kampeni yako ilifikia watu 310,000. Mazungumzo ya WhatsApp yaliongezeka kwa asilimia 50, huku gharama ya kila mazungumzo ikishuka kwa theluthi moja. Mauzo yaliathiriwa kiasi na hali ya uchumi pamoja na mabadiliko ya mfumo wa Meta. Tunapendekeza bajeti ya Oktoba iongezwe ili tusipoteze kasi hii nzuri. Tafadhali pokea ripoti kamili ya kurasa 14.”

Watu 310,000! Tuseme duka liko Ruiru: sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 370,000 katika kaunti ndogo yote ya Ruiru. Mwenye duka atakayeyaamini maneno hayo atatoka nje kutazama foleni ya wateja ilipofikia, akute mlinzi peke yake. Kinachoudhi ni kwamba katika barua hiyo hakuna nambari hata moja ya uongo. Kila tarakimu imetoka kwenye Ads Manager na inaweza kuthibitishwa. Ila aliyeiandika alichagua nambari zilizopanda, akaiacha nyumbani ile moja ambayo mteja alilipia kuijua. Kwa hiyo mwongozo huu ni kwa yule aliyeamua kuiandika barua ya pili, ile ya ukweli, na ambaye sasa ameikodolea macho skrini tupu asijue aanze wapi.

Tuchukue duka la mfano. Mama mmoja ana duka la makochi na vitanda Ruiru, upande wa Kamakis, na karakana ya mafundi Makongeni, Thika. Anatoa shilingi 90,000 kwa mwezi za matangazo ya Facebook na Instagram yanayomfungulia mtazamaji WhatsApp ya duka, na shilingi 30,000 za ada ya wakala anayeisimamia kampeni. Agosti yalikuja mazungumzo 300, wakanunua watu 18. Septemba yalikuja mazungumzo 450, wakanunua 6. Wewe ndiwe wakala. Leo ni tarehe 1 Oktoba.

Kabla ya kuandika neno lolote, fanya hesabu ambayo mama huyu ataifanya mwenyewe jioni akiwa na daftari lake. Yeye hahesabu mazungumzo wala watu waliofikiwa. Anahesabu kilichobaki mkononi. Ukimuuliza atakuambia kwamba akishalipa mbao, sponji, kitambaa, fundi na pikapu ya kupeleka mzigo, kochi au kitanda kimoja humwachia kama shilingi 12,000. Basi Agosti mauzo 18 yalimwachia 216,000. Toa 120,000 alizotumia kwa matangazo na ada yako, alibaki na 96,000. Septemba mauzo 6 yalimwachia 72,000, na gharama ni ile ile 120,000. Kampeni yako imemla shilingi 48,000.

Nambari hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya barua. Haifai kuwekwa katika ukurasa wa 11, wala chini ya grafu ya rangi ya machungwa, wala kuvalishwa neno “changamoto”. Mtu aliyepoteza 48,000 anastahili kuambiwa amepoteza 48,000, tena na yule aliyeshika bajeti yake. Na kama hujui faida yake kwa kila kochi, umekuwa ukiendesha kampeni bila kujua inashinda au inashindwa. Mpigie simu leo umuulize. Swali hilo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Sasa sababu. Hapa ndipo mawakala wengi hukimbilia uchumi, kwa kuwa uchumi hauna nambari ya simu na hauwezi kujitetea. Karo, mafuta, mishahara iliyochelewa, vyote hutupwa ndani ya barua kama viungo vya pilau. Lakini uchumi unaweza kupimwa, na kipimo kiko dukani. Si kila mnunuzi huja kupitia tangazo. Wako wanaoteremka tu kwenye matatu wakaingia. Fungua daftari la risiti uhesabu hao. Tuseme Agosti waliingia wakanunua 22, na Septemba 21. Watu wa Ruiru walikuwa na pesa ileile, duka ni lilelile, bei ni zilezile, na waliotembea kwa miguu walinunua kama kawaida. Walioanguka ni wale walioletwa na tangazo peke yao. Kwa hiyo uchumi umeachiliwa huru, na anayebaki kizimbani ni kampeni. Kama wanunuzi wa mlangoni nao wangeshuka kutoka 22 hadi 8, hapo ungekuwa na haki ya kuutaja uchumi, tena kwa kuiweka nambari hiyo mezani.

Mshukiwa wa pili anayependwa ni Meta. Eti mfumo umebadilika. Hubadilika kweli, lakini kabla ya kuushtaki fungua kwanza sehemu iitwayo `Activity history` ndani ya Ads Manager. Humo mna kila kilichoguswa, tarehe kilipoguswa, na jina la aliyekigusa. Katika mfano wetu utakuta kwamba tarehe 3 Septemba kuna mtu alipanua eneo la tangazo kutoka Ruiru, Juja na Thika hadi Nairobi yote na kaunti za jirani, na siku hiyo hiyo akabadilisha picha: ile ya zamani iliyoandikwa bei ikaondolewa, ikawekwa nyingine nzuri zaidi isiyo na bei. Mtu huyo ni wa ofisi yako.

Alifanya hivyo kwa nia njema. Gharama ya mazungumzo ilikuwa shilingi 300 naye alitaka ishuke. Ikashuka hadi 200, na kila asubuhi alipofungua simu aliona mambo yanakwenda vizuri. Hapa lazima tuielewe mashine, kwa kuwa ndipo mwezi mzima ulipopotelea. Ukiiambia Meta ikuletee mazungumzo, itakuletea mazungumzo. Itawatafuta, ndani ya eneo ulilolipa, watu walio wepesi kubofya na kuandika “bei?”, na itawapendelea wanaopatikana kwa bei rahisi. Haijui nani ana shilingi 30,000 mfukoni wala nani anaishi mahali ambapo pikapu yako inafika. Malipo yanafanyika dukani, kwa pesa taslimu au kwa Till ya M-Pesa, na Meta haiyaoni. Ukilipanua eneo na kuificha bei, umeiondolea vizuizi viwili vilivyokuwa vikiwachuja watu. Mazungumzo yataongezeka na gharama ya kila moja itashuka, huku mauzo yakianguka, na yote matatu yametokana na kosa moja. Ndiyo maana ile barua ya kwanza inachukiza. Inamletea mteja dalili za ugonjwa na kuziita afya.

Usiishie kudhani, hata hivyo. Soma mazungumzo. Ads Manager inaweza kukugawia matokeo kwa maeneo makubwa, lakini haitakuambia kwamba aliyeuliza yuko Kitengela na akakata tamaa aliposikia gharama ya kupelekewa. Hilo limeandikwa kwenye simu ya duka. Mazungumzo 450 yanasomeka katika siku moja na nusu na mtu mmoja mwenye chai ya kutosha. Omba ruhusa ya mwenye duka, kaa na kijana anayeshika simu, na kila mazungumzo yapewe lebo moja ndani ya WhatsApp Business. Tuseme mmepata hivi: 200 walikuwa nje ya eneo la kupelekewa mzigo. Wengine 110 waliuliza bei, wakajibiwa, wakanyamaza. Wengine 80 walikuwa wa karibu na walikuwa na maswali ya mnunuzi, kama vipimo, rangi na siku ya kupokea, lakini walijibiwa baada ya zaidi ya saa 3, wengi wao wakijibiwa asubuhi ya siku iliyofuata. Waliobaki 60 walijibiwa vizuri na kwa wakati, na wanunuzi wote 6 walitoka humo.

Yale mazungumzo 80 yana saa zake. Yaangalie utaona mengi yaliingia kati ya saa 12 na saa 3 usiku. Ni wakati ambao mtu ameketi kwenye matatu pale Roysambu au Githurai, barabara imesimama, simu iko mkononi, na nyumbani kuna kitanda kilichovunjika ubavu. Duka linafungwa saa 12 na nusu. Kijana wa simu ameshaondoka. Asubuhi anapojibu “Karibu, unataka kipi?” yule mtu yuko kazini, na pengine ameshaelewana na duka jingine lililojibu usiku.

Sasa una sababu tatu, na mpangilio wake katika barua ni jambo la heshima. Ya kwako hutangulia. Kupanua eneo na kuondoa bei ni uamuzi wako, na uliugharimia kwa pesa za mteja, kwa hiyo ndio unaofungua maelezo. Kuchelewa kujibu ni upande wa duka, lakini usiuandike kama shtaka. Taja saa na idadi, basi. “Mazungumzo 80 yalijibiwa baada ya saa 3” ni habari. “Wafanyakazi wako hawajibu wateja” ni ugomvi, na tena ni ugomvi usio na haki, kwa maana wewe ulikuwa na uwezo wa kuliona jambo hilo wiki ya kwanza na kulisema. Na usibandike picha za mazungumzo kama ushahidi huku majina na nambari za wanunuzi zikionekana. Hizo ni taarifa za watu zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Idadi inatosha.

Kuna kishawishi kingine ambacho huvaa nguo za ukweli. Wanunuzi 6 kati ya 60 ni asilimia 10, na Agosti walikuwa 18 kati ya 300, yaani asilimia 6. Utatamani kuandika kwamba “wateja wakihudumiwa vizuri, asilimia 10 hununua”, kisha uzidishe hiyo 10 na mazungumzo ya Oktoba. Usifanye hivyo. Watu 6 ni wachache mno. Wangekuwa 3 au 9 kwa bahati tu, na ahadi yako ingebadilika sana. Tumia ile asilimia 6 ya Agosti, iliyotokana na mazungumzo 300, na umwambie mteja kwamba ndiyo unayoitumia. Kuna pia watu walioliona tangazo wakaja dukani bila kuandika chochote; hao hawamo katika hesabu ya 6. Wataje kwa mstari mmoja kama upungufu wa kipimo, usijifiche nyuma yao. Kuanzia Oktoba kila risiti iandikwe jibu la swali moja, “Ulituona wapi?”, na giza hilo litapungua.

Tufike kwenye mpango wa kuurudisha mwezi. Mipango mingi ya namna hii ni orodha ya vitenzi: tutaboresha, tutaimarisha, tutafuatilia kwa karibu. Mteja akimaliza kusoma hajui kesho asubuhi kitabadilika nini. Mpango unaoaminika husema kitakachofanywa, gharama yake, tarehe ya kupimwa, na nambari ambayo ikikosekana pesa zitasimamishwa. Bila hiyo ya mwisho umeandika ombi la kuvumiliwa.

Katika duka letu, jambo la kwanza ni kulirudisha eneo. Ruiru, Juja na Thika, kila mji alama yake kwenye ramani na duara la kilomita 10. Watu hawatapungua. Kaunti ndogo za Ruiru, Juja na Thika Magharibi kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya laki tisa katika sensa ya 2019, na kila jengo jipya la nyumba za kupanga linahitaji vitanda. Lakini mwambie mteja mpaka wa jambo hili. Siku hizi Meta huwahesabu pamoja wanaoishi mahali na waliopita hapo karibuni, wala haikuachii uwatenganishe. Na hii ni Barabara ya Thika. Kila siku inabeba wasafiri wa Murang'a, Nyeri na Embu ambao simu zao zitasema wamekuwa Ruiru. Ukiahidi kwamba hakutakuwa na mtu wa nje hata mmoja, umeshaanza kudanganya tena. Kinachowezekana ni kuwachuja: picha iandikwe bei na maneno “Tunapeleka Ruiru, Juja na Thika”, na ujumbe wa kwanza wa WhatsApp unaojituma wenyewe uulize, “Uko mtaa gani?”

Hapa mawakala wenye bidii hujikwaa kwa kuzidisha. Wataunda seti tatu za matangazo, moja kwa kila mji, ili ripoti ipendeze. Meta inahitaji matokeo kama 50 kwa wiki katika kila seti ili mfumo utulie na ujue wa kuwaonyesha tangazo. Ukitumia shilingi 15,000 kwa wiki kwa bei ya 300, unapata mazungumzo 50. Yakiwa katika seti moja, yanatosha kwa shida. Ukiyagawa katika seti tatu kila moja itapata 16 au 17, na skrini itakuandikia `Learning limited` mwezi mzima. Seti moja, alama tatu. Na ukishaiweka usiiguse kila jioni kwa wasiwasi, maana badiliko kubwa huurudisha mfumo mwanzo.

Bei ya 300 ndiyo sehemu ngumu ya barua, na ndiyo itakayoonyesha kama umekomaa. Inabidi umwambie mteja ambaye amepoteza pesa kwamba gharama ya kila mazungumzo itapanda, kutoka 200 kurudi 300, na kwamba mazungumzo yenyewe yatapungua. Mwambie mapema. Usipomwambia, tarehe 10 atafungua ripoti, aone mazungumzo yamepungua, na atadhani hali imezidi kuwa mbaya kumbe tangazo limeanza kupona.

Kisha bajeti. Usiombe nyongeza baada ya mwezi wa hasara. Kuomba zaidi kidogo ya ulichokuwa nacho hakuna maana, na kuomba kidogo kuliko ulichokuwa nacho kuna maana kubwa. Shilingi 60,000 badala ya 90,000, katika awamu mbili za 30,000. Awamu ya kwanza, tarehe 3 hadi 17 Oktoba. Kwa 300 yatakuja mazungumzo kama 100. Usizidishe tu kwa asilimia 6 ukaahidi mauzo 6, kwa sababu makochi hununuliwa mishahara ikiingia. Risiti za Agosti katika mfano wetu zinaonyesha kwamba kati ya mauzo 18, ni 7 tu yaliyopatikana kabla ya katikati ya mwezi. Kwa hiyo tarajia 4 au 5. Sasa linganisha na gharama: 30,000 za matangazo na nusu ya ada yako, 15,000, ni 45,000; kwa faida ya 12,000 kila kimoja, yanahitajika mauzo 4 ili mteja asipate hasara. Hiyo 4 ndiyo nambari ya kusimamisha. Hesabu kuwa mauzo pale mnunuzi anapotoa malipo ya kwanza, kwa kuwa kochi la kuagiza huchukua wiki kadhaa karakanani.

Kuhusu kurudisha ada, maoni yangu ni haya. Usiitoe kwa hofu, katika mstari wa kwanza, kabla mteja hajaelewa kilichotokea. Inafanya barua isomeke kama hongo. Lakini kama hasara imetokana na uamuzi wako, kama ilivyo hapa, kazi ya kurekebisha haipaswi kulipiwa mara ya pili. Kusoma mazungumzo 450, kupiga picha mpya, kuandika majibu ya haraka ya WhatsApp, vyote hivyo ni juu yako.

Mpigie simu kwanza, asubuhi, umwambie kwa sentensi mbili kwamba mwezi ulikuwa mbaya na barua inakuja kabla ya saa 6. Habari ya namna hii isimkute mtu peke yake kwenye skrini. Kisha tuma. Kichwa cha barua kiwe na nambari, si “Ripoti ya Mwezi”:

“Septemba: mauzo 6, hasara ya 48,000. Sababu na mpango wa Oktoba

Mama, habari ya asubuhi.

Kama nilivyokueleza kwa simu, kampeni ya Septemba ilileta mauzo 6. Agosti yalikuwa 18. Ukitoa bajeti na ada yetu, Septemba imekupa hasara ya shilingi 48,000.

Sababu kubwa ni yetu. Tarehe 3 Septemba tulipanua eneo la tangazo hadi Nairobi yote na kaunti za jirani, na tukaweka picha isiyo na bei. Tulitaka kupunguza gharama ya mazungumzo. Gharama ilipungua, lakini tulileta watu wasioweza kununua. Kati ya mazungumzo 450, 200 walikuwa nje ya eneo mnalopeleka mzigo, na 110 walinyamaza baada ya kusikia bei. Tungeliona jambo hili katika wiki ya kwanza kama tungesoma mazungumzo. Hatukuyasoma.

Mazungumzo mengine 80 yalitoka kwa watu wa karibu waliouliza kama wanunuzi, na yalijibiwa baada ya zaidi ya saa 3. Mengi yaliingia kati ya saa 12 na saa 3 usiku. Wanunuzi wa mlangoni hawakupungua (22 Agosti, 21 Septemba), kwa hiyo hatuoni kwamba tatizo ni bei zako au hali ya soko.

Tangazo la sasa tumelisimamisha leo asubuhi. Ukikubali, tarehe 3 Oktoba tutaanza jipya: Ruiru, Juja na Thika pekee, bei ikiwa kwenye picha, na swali la mtaa katika ujumbe wa kwanza. Mazungumzo yatapungua, na kila moja litagharimu kama 300 badala ya 200. Tunalitarajia hilo.

Tunaomba shilingi 60,000 badala ya 90,000, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni 30,000 hadi tarehe 17. Tunatarajia mauzo 4 au 5. Yakiwa chini ya 4, tutasimamisha matangazo siku hiyo na 30,000 za pili zitabaki kwako. Kazi ya marekebisho hatutaitoza.

Tunaomba mambo mawili kutoka kwako: mtu wa kujibu simu ya duka hadi saa 3 usiku, na kila risiti iandikwe mnunuzi alituona wapi. Majibu ya haraka ya maswali ya kawaida tutayaandaa sisi.

Kila Ijumaa utapata ujumbe wa mistari mitatu: pesa zilizotumika, mazungumzo, mauzo. Ukiamua kutoendelea, tutaelewa, na akaunti ya matangazo tutakukabidhi siku hiyo hiyo.

Asante, Mama. Naweza kuja dukani leo alasiri tulizungumze.”

Barua hiyo inasomeka kwa dakika mbili. Haina kiambatisho cha kurasa 14. Ikiwa mteja anataka jedwali, litamfuata akiliomba.

Anaweza kujibu kwa hasira, na ana haki. Ukisoma hasira hiyo usirudi nyuma kuiokota ile hadithi ya uchumi uliyokwisha kuiacha. Jibu kilichoulizwa, kwa nambari zilezile. Swali litakalokuja mara nyingi ni, “Kwa nini hukuniambia mapema?” Kama hukumwambia mapema, jibu ni kwamba hukumwambia, na ule ujumbe wa Ijumaa upo ili jambo hilo lisijirudie. Tarehe 17 ikifika na mauzo ni 3, simamisha. Usitumie la nne linalokaribia kama kisingizio cha kuendelea, hata kama linakaribia kweli. Mwambie lipo njiani, simamisha tangazo, na umwache yeye aamue kama atakupa siku nyingine.

Na akiamua kuondoka, ukurasa wa Facebook, akaunti ya matangazo, orodha ya wateja na nambari ya WhatsApp ni mali yake. Wako mawakala wanaozishikilia nywila ili mteja asiende kwa mwingine. Huo ni wizi. Mkabidhi vyote kabla ofisi haijafungwa siku hiyo, ujitoe mwenyewe kwenye akaunti, na umwonyeshe aliyeachiwa kazi jinsi zile lebo za mazungumzo 450 zilivyopangwa.